Usifute nakala za zamani za Time Machine kabla hujazifungua

> Wakuu, diski yangu ya Time Machine ya TB 1 imejaa. Nataka kufuta nakala za mwaka jana tu, bekapu nyingine ibaki. Natumia amri gani? Nikizifuta napata nafasi kiasi gani?

Mkuu, simama hapo hapo. Usifute kitu leo. Mimi nilifuta, na video za harusi ya dada yangu, GB 43, hazipo tena popote.

Video zile niliziingiza kwenye MacBook Juni 2023. Agosti mashine ikajaa nikaziondoa, nikijua zipo kwenye bekapu. Na kweli zilikuwepo, ndani ya nakala tisa za wiki za kipindi kile. Mwaka uliofuata diski ya bekapu nayo ikajaa. Fundi mmoja niliyemwamini akaniambia: "Kila nakala ni mashine nzima, zote zina vitu vilevile, futa za zamani zote ubaki na za karibuni." Maneno hayo yananiuma mpaka leo, maana ukifungua nakala yoyote kwenye Finder unayakuta mafolda yote yamepangwa, kwa hiyo unamwamini.

Ukweli uko hivi. Faili lisilobadilika halinakiliwi upya kila mara. Linakaa diskini mara moja tu, na nakala za tarehe mbalimbali zinalishikilia kwa pamoja. Ukifuta nakala moja, faili linabaki kwa sababu nyingine bado zimelishika. Diski inapata nafasi pale tu nakala ya mwisho inapoliachia. Maana yake, nafasi unayorudishiwa ni ya vitu ambavyo havimo tena kwenye nakala nyingine yoyote. Kama na kwenye kompyuta ulishaviondoa, ndiyo kwaheri.

Nilianza na ya zamani kabisa, nikapata MB mia tatu hivi. Inayofuata, GB moja na kitu. Nikaendelea hadi ya nane, vijisenti vitupu. Nikafuta ya tisa, nafasi ikaruka GB 43 kwa mpigo. Nikafurahi, nikaenda zangu kulala. Baada ya siku tatu dada akaomba video zake. Nakala ya Time Machine ikifutwa haipitii Trash, kwa hiyo hakukuwa na pa kuzitafuta.

Sasa ukifungua Disk Utility, ukachagua diski ya bekapu, kisha menyu ya View na Show APFS Snapshots, utaona orodha ya nakala zote na safu ya Private Size. Hiyo ndiyo nafasi utakayopata ukiifuta nakala ile moja. Lakini usidanganyike na namba ndogo. Video zangu zilishikwa na nakala tisa, kwa hiyo hazikuhesabiwa kwenye hata moja. Nilipofuta nane, GB zote 43 zikahamia kwa ya tisa iliyobaki. Ndiyo maana nakala zinafutwa moja moja, na kila ukimaliza moja unarudi kuisoma safu ile upya. Ukiona nakala jirani imevimba ghafla, acha mara moja, kuna kitu kimebaki humo peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta, fungua diski kwenye Finder, ingia kwenye folda lenye tarehe, nenda Users hadi folda lako, ukalinganishe na kompyuta ya leo: Movies, Pictures, Documents, hata Desktop. Chochote kilichomo kule na hapa hakipo, kikiwa na maana kwako, kikokote kwenye diski nyingine kabisa. Kwangu ingenichukua dakika ishirini. Na usijidanganye kwamba ukiacha kufuta uko salama: diski ikijaa, Time Machine huanza yenyewe kufuta nakala za zamani zaidi, wala haikuulizi.

Ukishakagua, mpe Terminal ruhusa ya Full Disk Access kwenye Privacy & Security, la sivyo amri itagoma. Kisha:

```
tmutil destinationinfo
tmutil listbackups -t
sudo tmutil delete -d /Volumes/Bekapu -t 2023-06-18-091522
```

Ya kwanza inakuonyesha Mount Point, uiweke badala ya `/Volumes/Bekapu`. Ya pili inaorodhesha tarehe zilizopo. Kopi moja kama ilivyo, uiweke badala ya `2023-06-18-091522`, usiiandike kwa mkono, ni rahisi kukosea tarakimu. Hii ni kwa diski ya APFS, yaani iliyoanza bekapu kwenye Big Sur au baadaye. Ile ya zamani ya HFS+ inatumia `-p` na njia kamili ya folda la nakala.

Amri inakubali `-t` nyingi kwa pamoja. Wewe weka moja, kisha rudi Disk Utility ukatazame Private Size ya zilizobaki.