Weupe chini ya pafu: ni maji au ni nimonia?

Picha ya eksirei ya kifua ikiletwa wodini na sehemu ya chini ya pafu ni nyeupe, mara nyingi faili huandikwa nimonia na antibiotiki zinaanza siku hiyohiyo. Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya, na kwa miaka niliyofanya kazi wodi ya wanaume nimejijengea desturi moja ambayo nawasihi vijana mnaoanza kazi muishike: kabla hujausoma ule weupe, jua kwanza mgonjwa alikuwa amesimama, ameketi au amelala picha ilipopigwa. Maji yaliyo nje ya pafu huhama kila mgonjwa anapogeuka. Nimonia iko ndani ya pafu lenyewe, haihami.

Tuanze na aliyesimama. Maji yanayojikusanya kati ya kuta mbili za utando wa mapafu hushuka mpaka kwenye kona ya chini, pale mbavu zinapokutana na kiwambo. Kwa asiye na tatizo kona hiyo imechongoka vizuri. Maji yakiingia inakuwa butu, ila si mara moja. Yanaanza kujaa upande wa mgongoni, ambako kiwambo kimeshuka zaidi, kwa hiyo picha ya kawaida huhitaji kiasi cha mililita 200 hivi ndipo uone kona imeziba. Picha ya ubavuni huyaona mapema, hata yakiwa mililita 50 tu. Yakizidi, weupe unapanda na ukingo wake wa juu unapinda: umeinama katikati, umepanda pembeni kwenye mbavu, kama chai inavyopanda kidogo kwenye kuta za glasi. Chini ya ukingo huo weupe ni wa aina moja, hauna mabaka, na kiwambo hukioni kabisa.

Nimonia ina sura nyingine, kwa sababu vifuko vya hewa vimejaa usaha na majimaji lakini mirija inayopeleka hewa bado iko wazi. Kwa hiyo ndani ya weupe utaona mistari myeusi inayogawanyika kama matawi. Ukiiona mistari hiyo, weupe ule uko ndani ya pafu, maana kwenye maji matupu hakuna mirija. Pia weupe wa nimonia hufuata sehemu za pafu. Ikikaa sehemu ya kati ya pafu la kulia, ukingo wa kulia wa moyo unafutika huku kona ya mbavu ikibaki safi. Ikikaa sehemu ya chini, itafuta kiwambo, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kufutika kwa kiwambo peke yake hakukupi jibu. Angalia kona, angalia ukingo wa juu, tafuta mistari myeusi.

Kazi ngumu ni picha ya mgonjwa aliyelala chali, na hizo ndizo tunazopata nyingi kwa sababu wagonjwa wengi wanafika wamechoka. Nitaeleza mmoja.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, dereva wa bodaboda. Kikohozi wiki tatu, homa za jioni, kichomi upande wa kulia akivuta pumzi. Alikuwa amekwisha kupewa antibiotiki mara mbili huko alikotibiwa kwanza, na alikuja na picha yake imeandikwa nimonia ya kulia. Kwenye kona ya picha palisomeka SUPINE, yaani alipigwa akiwa amelala chali. Pafu lote la kulia lilikuwa na weupe hafifu uliotandaa kuanzia juu hadi chini, na kupitia weupe huo mishipa ya damu ya pafu ilionekana bado. Hakukuwa na mstari mweusi hata mmoja wa mrija wa hewa.

Hiyo mishipa ndiyo iliyonifanya nisite. Nimonia nzito huifuta mishipa, kwa kuwa hewa iliyokuwa inaizunguka imeondoka. Mgonjwa akilala chali, maji hutandaa nyuma ya pafu lenye hewa, kwa hiyo mwale unapita kwenye vyote viwili na unaona mishipa imefunikwa kidogo tu. Kona ya mbavu nayo inaweza kubaki imechongoka, kwa sababu maji hayako pale tena, yameenda mgongoni.

Nilipomgonga mgongoni kwa kidole, kulia chini palikuwa pazito kabisa, na alipotamka namba mtikisiko wa sauti haukufika mkononi mwangu. Kwenye nimonia iliyoganda mtikisiko huongezeka. Mikono yako isikae mfukoni kwa sababu tu picha ipo.

Nilimwomba mtaalamu wa mionzi apige picha nyingine, mgonjwa akilalia ubavu wa kulia, mwale ukipita sambamba na sakafu. Tulimwacha alale hivyo dakika kadhaa kwanza ili maji yapate muda wa kuhama. Picha ilipotoka, weupe wa kutandaa ulikuwa umeondoka, na badala yake kulikuwa na tabaka jeupe lililonyooka kando ya mbavu za chini, unene wake umepita sentimita mbili. Namna hii ya kulaza huonyesha hata maji machache sana, na tabaka likifika milimita 10 kwa kawaida yanatosha kuvutwa kwa sindano. Ukimgeuza alalie upande usio na ugonjwa, maji yanakimbilia katikati ya kifua na sehemu ya chini ya pafu inafunuka. Hapo unaweza kuona kama kuna nimonia iliyokuwa imejificha. Kwake hapakuwa na kitu.

Tulivuta maji ya rangi ya manjano, maangavu. Maabara ikaona protini nyingi na chembe nyeupe ambazo karibu zote ni limfosaiti, matokeo yanayoelekeza kwenye kifua kikuu. Vimelea vya kifua kikuu havikuonekana kwa darubini, jambo la kawaida kwa maji ya namna hii, kwa hiyo jibu hasi lisikufanye ufunge faili. Alianzishwa dawa za kifua kikuu.

Sasa msiondoke na wazo kwamba ni lazima uchague kimoja. Nimonia yenyewe huzalisha maji pembeni yake, na hayo ndiyo yanayoweza kugeuka usaha. Mgonjwa wa nimonia ambaye homa haishuki baada ya siku mbili tatu za antibiotiki sahihi, rudia picha na uangalie ile kona. Na ukimlaza ubavu weupe usihame, usihitimishe kuwa si maji: yanaweza kuwa mazito au yamefungwa kwenye vyumba vya utando ulioshikana, na kwenye picha yanatokea kama uvimbe wenye ukingo laini unaoegemea mbavu. Hapo ultrasaundi inakuambia zaidi ya eksirei, na inakuonyesha pa kupitisha sindano.

Jambo la mwisho ni upande mmoja kuwa mweupe wote. Tazama koromeo la hewa shingoni na moyo vimesogea wapi. Maji mengi huvisukuma kwenda upande usio na ugonjwa. Vikiwa vimevutwa kuelekea kwenye weupe, pafu limesinyaa, pengine kwa sababu mrija wake umeziba. Na kama vimebaki katikati ilhali upande mmoja wote ni mweupe, usichukue sindano kabla ya ultrasaundi, kwa kuwa pafu lililosinyaa na maji vinaweza kuwa pamoja na kila kimoja kinaficha msukumo wa mwenzake.