Maswali na majibu: programu itakupa makundi hata pasipo na makundi

Uchambuzi wa faktori na uchambuzi wa klasta si kitu kimoja? Vyote vinaweka vitu kwenye makundi.

Swali hili linarudi kila muhula, na jibu lake limo kwenye ukurasa wa kwanza wa moduli. Faktori inaweka pamoja maswali ya hojaji, yaani safu wima za data yako. Klasta inaweka pamoja watu waliojibu, yaani mistari. Ukiandika kwenye ripoti kwamba "faktori ya kwanza ina wateja 120", msomaji atajua hujaelewa ulichokifanya, na hatasoma zaidi.

Nina wahojiwa 300 wanaotumia huduma za pesa kwa simu. Nimepata klasta tatu, ya kwanza ina watu 120, ya pili 105, ya tatu 75. Kwenye jedwali la Final Cluster Centers, usalama ni 0.80, -0.80 na -0.16. Gharama ni 0.50, 0.40 na -1.36. Nimeandika kwamba kundi la pili na la tatu hawajali usalama. Ni sawa?

Hapana. Kosa hili ni la kawaida mno, kwa hiyo tulitazame taratibu.

Namba zako ni alama za Z, na kwenye alama za Z sifuri ni wastani wa watu wote 300. Unaweza kulihakiki jedwali kwa mkono: zidisha kila namba kwa idadi ya watu wa kundi lake, kisha jumlisha. Kwa usalama ni 96, kutoa 84, kutoa 12, na jibu ni sifuri. Kwa gharama ni 60, kuongeza 42, kutoa 102, sifuri tena. Jumla isipokuwa sifuri, au karibu nayo kwa sababu ya kukadiria desimali, basi hukusanifisha data, au umenakili vibaya.

Sasa soma kila kundi kwa kulilinganisha na huo wastani. Kundi la kwanza wanatilia mkazo usalama na gharama kuliko wengine. La pili wako chini ya wastani kwa usalama, ila gharama inawagusa. La tatu, ile -0.16 ya usalama iko jirani sana na sifuri: ni watu wa kawaida tu katika jambo hilo. Kinachowatenganisha na wengine ni gharama peke yake. Kusema hawajali usalama ni kuwasingizia.

Hata kundi la pili usiharakishe kulihukumu. Kuwa chini ya wastani si kukataa. Tuseme alama yako ya usalama ni wastani wa maswali manne yenye majibu ya 1 hadi 5, na kwamba kabla ya kusanifisha watu wote walikuwa na wastani wa 4.3 na mkengeuko wastani wa 0.6. Alama ya -0.80 inarudi kuwa 4.3 kutoa 0.48, yaani 3.82. Hao unaowaita wasiojali usalama wamejibu karibu na "nakubali"! Wanaujali, ila kidogo kuliko majirani zao kwenye sampuli yako. Meneja akisoma ripoti yako akaondoa namba ya siri kwenye huduma yao, lawama ni yako.

Kwa hiyo usiweke alama za Z peke yake kwenye ripoti. Weka kando yake wastani wa kila kundi kwa kipimo cha awali cha hojaji, na majina ya makundi uyatunge ukitazama huo. Na majina yawe ya heshima. "Wabahili" na "Wazembe" si matokeo ya utafiti.

Jedwali la ANOVA chini ya klasta linaonyesha Sig. ni .000 kwa vigezo vyote. Je, hiyo inathibitisha makundi yapo kweli?

Haithibitishi chochote. Panga watu 300 kwa urefu, kata mstari katikati, kisha pima kama nusu ya warefu ni warefu kuliko nusu ya wafupi. Kipimo kitasema ndiyo, kila mara. Programu imefanya hivyohivyo: imekata watu kwa kutumia usalama na gharama, kisha ikapima tofauti zao kwa usalama na gharama zilezile. SPSS yenyewe inaandika chini ya jedwali hilo kwamba vipimo hivyo ni vya maelezo tu, na wanafunzi wanaukata mstari huo wanaponakili. Acheni kuukata. Thamani za F zinakusaidia kuona ni kigezo gani kimetenganisha makundi zaidi, basi.

Tena, idadi ya makundi ya k-means uliichagua wewe. Ungeomba matano ungepewa matano, hata kwa data ya kubahatisha.

Ukitaka ushahidi, fanya mambo mawili. Kwanza, badili mpangilio wa mistari kwenye faili lako na uendeshe upya, kwa sababu vituo vya kuanzia vinaweza kutegemea mpangilio huo. Kisha tengeneza jedwali mtambuka la makundi ya zamani na mapya. Usishtuke kundi la 1 likiitwa la 3; namba ya kundi haina maana. Tazama kama watu walewale wamebaki pamoja. Lile kundi la 75 likisambaratika, 40 huku na 35 kule, usiliripoti kama kundi.

Pili, yalinganishe makundi kwa jambo ambalo hukulitumia kuyaunda, kwa mfano miamala ya mwezi au kama mtu amewahi kuhama mtandao. Yasipotofautiana kwa lolote la nje, umegawa watu bure, na ni heri useme hivyo kuliko kupamba.

Niweke mapato kwa shilingi na umri kwa miaka kwenye klasta moja?

Sanifisha kwanza, la sivyo umri hautahesabika kabisa na utakuwa umewapanga watu kwa mapato tu.

KMO yangu ni 0.81. Kwa hiyo faktori zangu ni sahihi?

KMO inasema maswali yako yana uhusiano wa kutosha kuanza kazi. Haisemi faktori ni ngapi wala zina maana gani.

Maswali 20 yamenipa faktori sita zenye Eigenvalues zaidi ya 1. Mbili za mwisho sielewi niziite nini.

Pengine hazina jina kwa sababu hazipo. Kila swali lililosanifishwa linachangia 1 kwenye jumla ya Eigenvalues, kwa hiyo faktori ya 1.05 imebeba kidogo tu zaidi ya swali moja. Hata ungejaza majibu 300 ya kubahatisha kwenye maswali hayo 20, karibu nusu ya thamani hizo zingezidi 1, maana wastani wake lazima uwe 1. Sheria hii ya "zaidi ya 1" inabakiza faktori nyingi mno, na inasikitisha kuona bado inafundishwa peke yake.

Tumia ulinganisho sambamba alioupendekeza Horn mwaka 1965: programu inatengeneza data ya kubahatisha yenye ukubwa kama wako, nawe unabakiza thamani zinazozidi zile za kubahatisha. Kwenye R:

```
library(psych)
fa.parallel(majibu, fa = "pc")
```

Ikikuambia nne, endesha upya ukiomba nne, kisha soma jedwali lililozungushwa. Faktori iliyobaki na maswali mawili, moja likiwa na uzito mkubwa kwenye faktori nyingine pia, usiipeleke kwenye klasta. Klasta itaipa uzito sawa na faktori zako imara, na utapata kundi zima la watu lililojengwa juu ya swali moja lililoandikwa vibaya.