Bolletta ya Umeme na Gesi Italia: Maswali ya Wapangaji

Nilihamia tarehe 1 Oktoba na hita nimeiwasha siku chache tu, lakini bolletta ya gesi ya miezi miwili ni kubwa mno. Je, mita ni mbovu?

Kabla ya kuilaumu mita, angalia sehemu ya bolletta iliyoandikwa *letture e consumi*, uone ni neno gani limewekwa kando ya usomaji wa mwisho. *Rilevata* maana yake ni kwamba mita ilisomwa kweli, *autolettura* ni usomaji uliotumwa na mteja mwenyewe, na *stimata* ni makadirio, ambayo kwa kawaida hufuata matumizi ya nyuma ya nyumba ileile, hata kama walioishi humo walikuwa familia kubwa.

Tuseme siku unaingia mita ilisoma 4120, na bolletta inaonyesha 4300 *stimata* kwa tarehe 30 Novemba. Unadaiwa mita za ujazo 180. Ukiitazama mita siku hiyohiyo ukakuta 4165, basi umetumia 45 tu. Soma tarakimu zilizo kabla ya koma pekee, kisha uzitume kwa kampuni inayokuuzia gesi katika siku zilizotajwa kwenye bolletta kwa ajili ya *autolettura*. Tofauti itarekebishwa katika bili ijayo kwa jina la *conguaglio*. Usishangae bili ikitaja *Smc* badala ya mita za ujazo za kawaida: kiasi kilichosomwa huzidishwa kwa *coefficiente C*, namba iliyo karibu na 1, ili kuzingatia shinikizo na halijoto ya mahali.

Makadirio huweza pia kuwa chini ya matumizi halisi, na hilo ndilo linalowaumiza watu zaidi, kwa sababu wanalipa kidogo majira yote ya baridi, kisha deni lote linawafikia kwa mkupuo.

Nikiwasha oveni na mashine ya kufulia pamoja, umeme unakatika nyumba nzima. Fundi anasema ni *potenza*. Ni nini hiyo?

*Potenza impegnata* ni kiwango cha nguvu ya umeme kilichoandikwa katika mkataba, ambacho katika nyumba nyingi za Italia ni kilowati 3. *Consumi* ni jambo jingine: ni kiasi cha umeme ulichotumia kwa muda fulani, na hupimwa kwa *kWh*. Mtu anaweza kuwa na *consumi* ndogo sana na bado akakatikiwa na umeme, iwapo anawasha vitu vizito kwa wakati mmoja.

Mkataba wa kilowati 3 unakuruhusu kufika 3.3 bila kikomo cha muda. Hiyo ndiyo *potenza disponibile*. Ukipita hapo hadi karibu kilowati 4, mita huvumilia kwa muda wa saa kadhaa, lakini zaidi ya hapo hukata ndani ya dakika chache. Oveni ya wati 2200 na mashine inayochemsha maji kwa wati 2000 tayari ni 4200, kabla ya kuhesabu friji.

Tazama vilevile ni swichi ipi iliyoanguka. Ikiwa ni ya kwenye mita, zima kifaa kimoja kisha uipandishe. Ikiwa ni *salvavita* iliyo ndani ya nyumba, huenda kuna kifaa kinachovujisha umeme, na kuongeza *potenza* hakutasaidia kitu.

Mwenye mkataba anaweza kuomba nyongeza kwa hatua za nusu kilowati hadi kufikia 6. Kila kilowati huongeza gharama ya kudumu ya euro ishirini na kitu kwa mwaka, mbali na ada ya kufanyiwa mabadiliko. Mimi ningeanza kwa kutenganisha saa za kufua na za kupika.

Nilikuwa Mombasa mwezi mzima. Kwa nini bado nadaiwa umeme?

Kwa sababu *quota fissa*, yaani malipo ya kudumu, na *quota potenza*, inayotegemea kilowati za mkataba, hulipwa hata nyumba ikiwa tupu. Mwenye mkataba wa *domestico residente*, yaani wa nyumba aliyojiandikisha kuwa makazi yake, hukuta pia *canone*, ada ya televisheni, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 90, ikigawanywa katika awamu 10 kuanzia Januari hadi Oktoba. Asiye na televisheni hupeleka tamko kwa mamlaka ya kodi, Agenzia delle Entrate, kabla ya Januari 31 kwisha ili asamehewe mwaka mzima.

Mwenye nyumba anataka nilipe *conguaglio* inayoanzia kabla sijahamia. Nifanyeje?

Tafuta kwenye bolletta tarehe na usomaji wa mwanzo wa kipindi kinachodaiwa, uulinganishe na usomaji wa siku uliyopokea funguo, ambao ni vyema uwe umeandikwa katika hati ya makabidhiano au umepigwa picha. Kilichotumika kabla ya namba hiyo si chako. Mkataba ukiwa kwa jina lake, mwoneshe pia kwamba matumizi ya zaidi ya miaka 2 nyuma yanapaswa kutajwa kando katika bili, na kwamba yeye kama mteja anaweza kuiandikia kampuni kukataa kuyalipa.