Kiporo kilichotulazimisha kuandika upya kanuni za fantasi ya ofisini

Ofisini kwetu hapa Kigoma tuko watu 14 tunaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara: kila mmoja anachagua kikosi cha wachezaji halisi na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani. Hatutumii programu yoyote ya simu. Tunatumia kaunta buku moja, karatasi ya Eksel na grupu la Watsapu, na mimi ndiye katibu. Anayeongoza mzunguko analipiwa chai na chapati na wenzake, na bingwa wa msimu ananunuliwa jezi. Zawadi ni ndogo, lakini msimu wa kwanza tulifikia mahali watu wawili wanaokaa meza zinazotazamana hawasalimiani. Chanzo kilikuwa kiporo, yaani mechi iliyoahirishwa na kuchezwa baadaye.

Mzee wetu wa masjala alikuwa amemvisha unahodha mshambuliaji wa Yanga. Vikosi vilikuwa vimeshafungwa, kisha mechi ile ikaahirishwa kwa sababu ya ratiba ya mashindano ya Afrika. Mzunguko ukaisha, dada wa uhasibu akawa wa kwanza kwa pointi 27, mzee akapata 21, chai ikanywewa. Wiki tatu baadaye kiporo kikachezwa na yule mshambuliaji akafunga mawili. Kwetu kuanza mechi ni pointi 2 na bao la mshambuliaji ni 4, kwa hiyo alivuna 10, na nahodha huzidishwa mara mbili: 20. Asubuhi yake mzee alikuja mezani kwangu ameshika karatasi yake ya zamani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hii mechi ni ya mzunguko upi?" Nikamjibu ni ya ule wa wiki tatu zilizopita. "Basi 21 na 20 ni ngapi?"

Ni 41, na 41 inaizidi 27. Kwa hesabu hiyo chai ilikuwa yake.

Tatizo ni kwamba mzee alishamtoa mshambuliaji huyo kikosini wiki mbili kabla ya kiporo kuchezwa, na watu watatu walikuwa wameshamwingiza wakijua kiporo kinakuja. Mmoja wao nilikuwa mimi. Ukifuata namba ya mzunguko, pointi ni za mzee. Ukifuata siku ya mechi, ni zetu sisi watatu. Kanuni zetu zilikuwa nusu ukurasa, na neno kiporo halikuwamo.

Kama unaanzisha ligi ya namna hii kwa soka letu, anzia hapo. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo mzunguko kamili ni mechi nane, lakini timu zikiwa na safari za Shirikisho la Soka Afrika utajikuta na mechi sita wiki hii na viporo vinavyochezwa Jumanne au Jumatano mwezi ujao. Ukifunga hesabu zako kwa namba ya mzunguko wa Bodi ya Ligi, hutajua lini mzunguko umeisha, na zawadi yoyote utakayotoa inaweza kudaiwa tena. Sisi sasa tunahesabu kwa kalenda. Wiki yetu inaanza Ijumaa asubuhi na kuisha Alhamisi usiku. Mechi yoyote ya Ligi Kuu iliyochezwa ndani ya siku hizo inahesabiwa kwa kikosi ulichonacho wiki hiyo, hata kama kwa Bodi ni mechi ya mzunguko wa zamani. Timu ikicheza mara mbili ndani ya wiki, wachezaji wake wanavuna mara mbili, na hiyo ni halali kwa sababu kila mtu aliiona ratiba. Wiki yenye mechi chini ya nne tunaiunganisha na inayofuata, kwa sababu vinginevyo mtu anaibuka mshindi kwa bao moja.

Tuliongeza na nahodha msaidizi. Nahodha asipocheza kwa sababu yoyote, iwe mechi imeahirishwa, ameumia au kocha kamweka benchi, msaidizi ndiye anayezidishwa. Kipengele hicho kimoja kingemsaidia mzee wiki ileile, bila kungoja kiporo.

Sasa muda wa kufunga vikosi. Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza hufunga dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki, na sababu ni nzuri: vikosi vya kwanza havijatangazwa, kwa hiyo hakuna anayechagua huku anajua nani anaanza. Tulijaribu kuiga, ikatushinda. Mechi nyingi huku kwetu huanza saa 10 jioni, na ukitoa dakika 90 unapata saa 8:30 mchana, wakati watu wako kazini. Wenzetu waliotumwa Uvinza au Kasulu siku hiyo mtandao haupatikani kila mahali, na aliyekaa ofisini karibu na chaja anakuwa na faida. Tukahamia Alhamisi saa 3 usiku, kila wiki, mechi ya kwanza iwe lini na saa ngapi. Unachagua ukiwa na habari chache zaidi, lakini wote mnazikosa sawasawa. Kwa mji wenye timu yake kama sisi na Mashujaa, kuna faida nyingine: yule mwenye shemeji anayepita kambini hana mchana mzima wa kusikia nani anachechemea mazoezini kisha akabadilisha kikosi.

Andika pia saa ya nani inatumika. Kijana wa TEHAMA aliwahi kutuonyesha simu yake ikisema alituma saa 2:52, wakati kwangu ujumbe uliingia saa 3:14. Huenda alikuwa mkweli na mtandao ndio uliosumbua, ila saa ya simu ya mtumaji inaweza kurekebishwa kwa vidole viwili, na mimi sitaki kazi ya kupima ukweli wa mwenzangu. Inayohesabika ni saa ujumbe ulipoingia kwenye simu za wapokeaji wawili. Kilichoondoa uchungu wa kanuni hiyo ni nyingine iliyo pembeni yake: kikosi kisipofika kwa wakati, kikosi cha wiki iliyopita kinaendelea kama kilivyo, pamoja na nahodha wake. Hakuna anayepata sifuri kwa kukosa mtandao. Tangu tuiweke, ubishi wa dakika umekwisha kabisa, kwa sababu kinachopotea ni badiliko moja au mawili tu.

Vikosi havitumwi kwenye grupu. Vikitumwa huko, wa mwisho ananakili vya wenzake. Vinakwenda kwangu na kwa mama anayetupikia kantini, ambaye hachezi, kisha saa 3:05 vyote vinabandikwa pamoja. Mimi kwa kuwa ninacheza, cha kwangu nampa mama saa 12 jioni, kabla sijaona cha mtu yeyote. Katibu anayecheza asipojifunga namna hii, hata akiwa mwaminifu vipi, siku akishinda watu watanong'ona, na watakuwa na haki.

Kwenye pointi nina ushauri mmoja ninaousimamia kwa nguvu: hesabu tu kile ambacho mtu asiye kwenye ligi yenu ameshakiandika. Sisi tulianza na pointi 3 za pasi ya bao. Siku moja wanne wetu tulikuwa Uwanja wa Lake Tanganyika, jukwaa moja. Krosi ikapigwa kutoka kulia, ikamgusa beki begani, ikamwangukia kiungo, akaigusa kwa kisigino, mfungaji akamalizia. Nani katoa pasi ya bao? Wawili walisema winga, mmoja kiungo, mmoja akasema hakuna kwa sababu kiungo hakukusudia. Kurasa mbili za michezo usiku ule ziliandika majina mawili tofauti. Wenye ligi kubwa wanaajiri watu wa kurudia video. Ninyi mna kaunta buku. Tukaifuta pasi ya bao.

Tulichobakiza ni kuanza mechi 2, kuingia kutoka benchi 1, bao 4 kwa mshambuliaji, 5 kwa kiungo, 6 kwa beki au kipa, kadi ya njano kutoa 1 na nyekundu kutoa 3. Beki na kipa walioanza wanapata 4 timu ikimaliza bila kufungwa. Hapo tulibishana kuhusu beki aliyetolewa dakika ya 70 timu ikiwa haijafungwa, kisha bao likaingia dakika ya 85. Ligi ya Uingereza ingempa pointi zake. Sisi hatumpi. Si haki kamili kwake, lakini tunahitaji matokeo ya mwisho tu, yasiyo na ubishi, badala ya kuwinda dakika za mabadiliko ya mechi nane. Bao ni la aliyetajwa na Bodi ya Ligi, la kujifunga halimpi mtu pointi, na ushindi wa mezani hauna pointi kwa mchezaji yeyote. Nafasi ya kila mchezaji inaandikwa siku anapochaguliwa mara ya kwanza na haibadiliki msimu mzima, hata kocha akimsogeza mbele. Na wachezaji wasizidi wawili kutoka klabu moja, la sivyo vikosi vyote 14 vitafanana kwa Simba na Yanga.

Hata hivyo ubishi utakuja, na kesi ya mzee ndiyo iliyotupa utaratibu. Mlalamikaji anaandika mistari michache ndani ya saa 48 tangu matokeo yabandikwe: wiki ipi, mchezaji yupi, kanuni ipi. Wanasikiliza watu watatu. Mama wa kantini yumo daima, na wawili wanapatikana kwa kura ya vikaratasi kutoka kwa wachezaji ambao pointi zao haziguswi na shauri hilo. Kwa kesi ile mimi nilitoka chumbani, kwa kuwa mshambuliaji alikuwa kwangu. Swali lao la kwanza ni moja: kanuni inasemaje? Ikiwa imesema, inafuatwa hata kama inauma. Ikiwa kimya, matokeo yaliyotangazwa yanabaki, kanuni mpya inaandikwa, nayo inaanza wiki inayofuata, ikikubaliwa na watu 10 kati ya 14.

Kosa la kujumlisha tunalitenganisha na ubishi wa tafsiri. Nikiwa nimeandika 17 badala ya 19, jumla ya msimu inarekebishwa hata baada ya miezi miwili. Chai iliyokwisha kunywewa hairudishwi.

Mzee alikosa pointi zile 20. Watatu walimwandikia sababu kwa mkono kwenye kaunta buku: kanuni zilikuwa kimya, dada wa uhasibu alicheza kwa utaratibu uleule wa wote, na kiporo kilichezwa mzee akiwa hana mshambuliaji. Alisoma mara mbili, akaomba kalamu, akaandika chini yake kipengele cha nahodha msaidizi, maneno yake mwenyewe. Ndicho tunachotumia hadi leo, na mchana ule dada wa uhasibu alimpelekea chai ya tangawizi masjala.