Benki Kuu inauza dhamana ili iweje?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Mwanza. Nasikia Riba ya Benki Kuu ni asilimia 5.75, ila Benki Kuu yenyewe haimkopeshi mtu wa kawaida. Inawezaje basi kuzilazimisha benki zifuate riba hiyo? Na hiyo minada ya repo ni kuchapisha fedha au ni nini?

JIBU: Hailazimishi. Inachofanya ni kuongeza au kupunguza fedha ambazo benki zinakopeshana, na bei inasogea yenyewe.

Kila benki ya biashara ina akaunti Benki Kuu. Humo inaweka akiba ya lazima, ambayo kwa amana za wateja binafsi ni asilimia 6, na humo ndimo malipo kati ya benki na benki yanapopita. Benki iliyopungukiwa jioni hukopa kwa wenzake waliobakiwa na ziada. Mkopo wa namna hiyo wa siku 7 ndio unaolengwa na Benki Kuu ya Tanzania tangu Januari 2024, ilipoacha kulenga ujazi wa fedha na kuanza kutumia riba. Kiwango kilipoteremshwa kutoka asilimia 6 hadi 5.75 Julai 2025, wigo ulibaki asilimia 2 juu na chini, kwa hiyo riba ya siku 7 inatakiwa iwe kati ya 3.75 na 7.75.

Tuchukue mfano. Tuseme Hazina inawalipa makandarasi shilingi bilioni 300 kwa siku moja. Fedha hizo zilikuwa kwenye akaunti ya Serikali Benki Kuu. Sasa zinahamia kwenye akaunti za benki zao. Amana zimeongezeka kwa bilioni 300, na akiba ya lazima juu yake ni bilioni 18 tu. Zinabaki bilioni 282 ambazo hazina kazi. Kila benki inatafuta wa kumkopesha, wakopaji ni wachache, na riba ya siku 7 inaanza kuporomoka kuelekea 4.

Hapo ndipo Benki Kuu inapotangaza mnada wa repo. Inauza dhamana za Serikali kwa makubaliano kwamba itazinunua tena baada ya siku 7. Benki zinaleta zabuni, kila moja ikitaja kiasi na riba inayoitaka, na wanaotaka riba ndogo ndio wanaochukuliwa kwanza. Ikichukua bilioni 250 kwa asilimia 5.75, kiasi hicho kinatoka kwenye akaunti za benki siku hiyohiyo. Ziada imebaki bilioni 32, na hakuna tena anayekubali kukopesha kwa bei ya kutupa.

Siku ya saba Benki Kuu inarudisha bilioni 250 pamoja na riba, yaani bilioni 250 × 0.0575 × 7 ÷ 365, ambayo ni kama shilingi milioni 276. Hili wengi hulisahau: repo haifuti ziada, inaiahirisha. Kama sababu ya ziada bado ipo, kwa mfano Benki Kuu inaendelea kununua dhahabu kwa shilingi, mnada mwingine unahitajika, na gharama ya riba inabebwa na Benki Kuu yenyewe.

Mwezi ambao kampuni zinalipa awamu za kodi, Juni kwa mfano, fedha zinakwenda upande wa pili, kutoka benki kuingia akaunti ya Serikali. Riba inapanda. Benki Kuu inafanya repo ya kinyume: inapokea dhamana za Serikali kutoka benki na kuziandikia fedha kwenye akaunti zao. Fedha hizo ni mpya, lakini hakuna noti inayochapishwa, na muda ukiisha zinarejeshwa.

Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mnada unapima jumla ya fedha sokoni, haupimi nani anazo. Benki ndogo isiyo na dhamana za kuweka rehani haifaidiki na repo ya kinyume, na benki kubwa huenda zisitake kuikopesha bila rehani. Ukiona wastani wa riba uko katikati ya wigo huku baadhi ya mikopo ikifanyika kwa riba ya juu sana siku hiyohiyo, ujue tatizo ni mgawanyo, na kumwaga fedha zaidi hakutalitibu.

Kwa SACCOS yenu, msitarajie mkopo wa benki ushuke kwa robo asilimia kwa sababu riba hii imeshuka kwa robo. Wastani wa riba za mikopo nchini uko karibu na asilimia 15, na sehemu kubwa ya hiyo ni hofu ya mikopo chechefu, gharama za uendeshaji na riba wanayolipwa wenye amana kubwa za muda maalumu. Hayo hayaguswi na mnada. Mtakachoona kikisogea mapema zaidi ni riba za dhamana za Serikali za muda mfupi, kwa hiyo kama mna akiba huko, fuatilieni riba ya siku 7 kabla ya kuamua kununua za siku 91 au 364.