Taa za kiwandani: anza na saa zinazowaka

Swali: Mhandisi, kiwanda chetu cha minofu ya sangara hapa Mwanza kina taa 60 za metali halaidi za wati 400. Taa 40 ziko ukumbi wa kuchakata, zinawaka saa 16 kwa siku. 20 ziko stoo ya maboksi, kama saa 2. Muuzaji anataka tubadilishe zote tuweke LED za wati 150, kila moja 350,000. Hela itarudi kweli?

Jibu: Ndugu, ukumbini itarudi ndani ya mwaka mmoja hivi. Stoo msiiguse kwanza.

Taa yenu ya wati 400 inakula zaidi ya hapo, kwa sababu balasti nayo inatumia umeme. Weka 450, basi kila taa mtaokoa wati 300. Kwa siku 300 za kazi, taa ya ukumbini inawaka saa 4,800 kwa mwaka, sawa na uniti 1,440 zilizookolewa. Nikichukulia uniti shilingi 250 (wewe weka bei ya kwenye bili yenu), ni 360,000. Ongeza balbu: tuseme inadumu saa 12,000, na kuibadilisha ni 70,000 pamoja na fundi na jukwaa. Hiyo ni 28,000 kwa mwaka, bila kuhesabu muda ambao meza za chini zinasimama. Jumla 388,000, dhidi ya 370,000 za kununua na kufunga.

Stoo, kwa saa 600 kwa mwaka, taa inaokoa umeme wa 45,000 tu. Kwa umeme peke yake, hela itarudi baada ya miaka minane na zaidi. Subirini balasti ife, ndipo mbadilishe hiyo moja.

Sasa uhai wa taa. Saa 50,000 za kwenye boksi kwa kawaida ni muda wa mwanga kushuka hadi asilimia 70. Kinachotangulia kufa mara nyingi ni draiva, kifaa kinachoilisha LED umeme, kwa joto au umeme unaopanda ghafla. Kwa hiyo mimi huhesabu miaka mitano, si kumi, na bado kila taa ya ukumbini inabakiza zaidi ya milioni moja na nusu. Ila ikifa baada ya miezi tisa mmepata hasara, hivyo dai waranti ya maandishi isiyopungua miaka mitatu, na draiva inayobadilishika peke yake. Taa zilizo karibu na milango inayotazama ziwa zisafishwe mapezi ya juu: wadudu wa ziwani wakijazana pale, joto halitoki. Taa ikianza kupepesa ikishapata moto, kagua draiva.

Kabla ya kulipia zote, nunueni nne, zenye alama ya IP65 ya kuzuia vumbi na maji, na kioo kisichopasuka, mzifunge juu ya meza za ukaguzi. Pimeni mwanga usawa wa meza. Mimi hutaka luksi 540. Usipofika, chukueni za wati 200, na akiba ya umeme itashuka hadi 300,000 kwa taa.