Somo la hedhi gredi ya tano: anzeni na maswali yao

Hapa Lamu, msichana akifika gredi ya tano huwa keshasikia habari za hedhi kwa dada zake, na aliyoyasikia yamechanganyika. Ndiyo maana siku hizi sianzi na mchoro wa kizazi ubaoni. Siku chache kabla ya somo nagawa vikaratasi vya ukubwa mmoja, na kila mmoja lazima aandike. Asiye na swali huandika jina la samaki ampendaye. Kalamu zote zinatembea, kwa hivyo hajulikani aliyeuliza.

Vikaratasi hivyo ndivyo vinavyonipangia somo. Kimoja kiliandikwa: "Niliona damu Januari, mpaka leo Aprili sijaona tena. Imekwama tumboni?"

Swali hilo pekee lilijaza robo tatu ya kipindi cha dakika 35. Damu haikwami. Ni utando wa ndani ya mji wa mimba unaojijenga, kisha unatoka. Mwaka wa kwanza na wa pili mwili haujashika mpangilio, kwa hivyo kuruka mwezi ni kawaida. Kisha nikachora kalenda: msichana ameanza tarehe 4 Januari, akaanza tena tarehe 9 Februari. Wengi huhesabu tangu siku damu ilipokatika, na hapo ndipo hesabu huharibika. Tunahesabu kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya kwanza nyingine, yaani siku 36. Kwa umri wao, kati ya 21 na 45 si tatizo. Miezi mitatu ikipita kimya, kama ya mwenye swali, aende zahanati na mamake. Nesi atamuuliza faraghani.

Hofu nyingine ni kuishiwa damu. Napima vijiko vitatu vya chakula vya maji yenye rangi nyekundu (ile buluu ya matangazo haimfundishi mtu) na kuvimimina kwenye kikombe. Kwa kawaida hedhi nzima haizidi sana hapo. Pedi ikijaa kila saa kwa saa kadhaa, au damu ikipita siku saba, hapo ni hospitali.

Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita. Wanaotumia vitambaa wavifue kwanza kwa maji baridi, kwani ya moto hugandisha doa, kisha kwa sabuni, na wavianike juani. Kuvificha chini ya godoro, na unyevu huu wetu wa pwani, ni kuvilaza vibichi. Anayeona haya atandaze leso nyepesi juu yake.

Maswali ya swala na saumu namwachia ustadha. Na sentensi moja siitamki darasani: "sasa umekuwa mwanamke". Aliyevunja ungo akiwa na miaka kumi bado ni mtoto, na wapo wa kulisikia neno hilo vingine.

Pedi za serikali, ambazo sheria ya 2017 inawapa wanafunzi bila malipo, ziwekwe kwa mwalimu wa kike. Msichana achukue bila kueleza sababu na bila kuandikishwa jina mbele ya watu.